Ijumaa dukani: shilingi 2,700 iliyopotea

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua duka, hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya mteja wa kwanza nahesabu chenji ya kuanzia: 50,000 kamili.

Saa 6:15 mchana. Kabla ya kwenda msikitini nampa mpwa wangu droo, lakini kwanza tunahesabu pamoja na wote tunasaini. Zamani nilimwachia tu. Siku moja nikapitia daftari, kwenye safu ya tofauti ninayoandika kila jioni, nikaona Ijumaa nne mfululizo zimepungua 2,000 au 3,000, na siku nyingine ziko sawa. Tulipoanza kuhesabu wakati wa kukabidhiana, pengo likaonekana ndani ya saa ile ile. Mpwa wangu hakuwa mwizi. Alikuwa anamlipa mwenye mkokoteni wa maji kutoka droo, bila kuandika. Nilifurahi sana kuuliza kabla ya kumshuku. Sasa kila kinachotoka kinaacha kikaratasi ndani ya droo.

Saa 8:00. Napeleka 400,000 benki, maana sitaki fedha nyingi zilale dukani. Saa ya kwenda na njia nabadilisha, na simwambii mtu. Stakabadhi ya benki inarudi kukaa droo, mahali pa fedha zilizotoka.

Saa 2:00 usiku. Mlango kwanza, hesabu baadaye. Naanza na noti za elfu kumi, mafungu ya kumi kumi, nashuka mpaka sarafu. Mpwa wangu anarudia bila kuambiwa nimepata ngapi, kwa sababu akijua namba yangu, mkono wake utaifuata. Wote tunapata 286,800.

Daftari linasema mauzo 842,500. Naongeza chenji 50,000, natoa 196,000 zilizolipwa kwa simu, 7,000 za vikaratasi na 400,000 za benki. Ilipaswa kubaki 289,500. Pungufu 2,700.

"Mjomba, nimekosea chenji?" Anauliza kwa wasiwasi. Nagawanya 2,700 kwa 9, inatoka 300 bila baki. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara, kwa hiyo kabla ya kumtafuta mtu natafuta mstari. Si ushahidi, maana hata chenji iliyokosewa inaweza kuangukia hapo, ila inatupa pa kuanzia. Tunapitisha kidole ukurasa mzima. Saa 7:10 mchana: unga kilo mbili, 6,300. Unga wetu ni 1,800 kwa kilo, yaani 3,600. Ni mwandiko wake mwenyewe, wakati wa foleni.

Nakata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, naandika ya kweli pembeni, tunasaini. Mauzo yanakuwa 839,800, droo inakubali. Tofauti: 0.

Saa 3:00. Chenji ya kesho, 50,000, kwenye mfuko wake. Zilizobaki, 236,800, zinaingia kwenye sefu kusubiri benki kesho.