Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Katuba na fakture za kwenye simu

Saa kumi na moja alfajiri umeme umerudi. Hapa Katuba, Lubumbashi, ukirudi saa hiyo hujiulizi mara mbili: simu kwenye chaji, pasi ya umeme kwenye ukuta, na makala ya pasi ya mkaa inabaki kwenye mfuko. Hadi saa moja nimepiga pasi magauni matano kati ya sita ya harusi ya Jumamosi.

Saa mbili mwanafunzi wangu amefika, amefagia, tumeanza mikunjo. Saa tatu na nusu nimeenda soko la Kenya kutafuta zipu ya gauni la sita. Joto la Oktoba mnalijua.

Watu wakiniona nimeinama kwenye simu wanadhani napiga soga. Kumbe naandika fakture. Zamani nilikuwa na daftari, na kila mteja alikuwa na kumbukumbu yake ya bei. Sasa mteja akileta kitenge namtengenezea fakture kwenye programu ya simu, inatoka PDF yenye namba na tarehe, namtumia kwenye WhatsApp kabla hajatoka mlangoni. Ugomvi wa bei umepungua. Ugomvi wa franka na dola haujapungua hata kidogo, na leo ulinila siku nzima.

Fakture yenyewe ni namba 0147, ya familia ya harusi ya Jumamosi. Magauni sita, dola 25 kushona kila moja, jumla 150. Bitenge walileta wenyewe. Dublure na zipu nilinunua mimi, dola 30. Basi 180. Akonti walilipa nusu, 90, ikabaki 90. Dola 30 za vifaa sizihesabu kuwa zangu hata zikipita mkononi mwangu: siku ileile niliziandika upande wa matumizi na kupiga picha karatasi ya muuzaji. Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Niliona akonti, nikalipa kodi ya nyumba, halafu nikakopa uzi.

Nikiwa sokoni, shangazi wa bibi harusi akatuma franka 100,000 kwa simu, kwenye namba ya atelie. Mwanafunzi wangu aliangalia salio kwanza, hakuamini ujumbe tu, na hapo namsifu, maana ujumbe wa uongo tumeshapokea. Kisha akataka kunisaidia. Akafungua 0147, akabonyeza "Enregistrer un paiement", akaandika 100000, akathibitisha, akamtumia mama huyo risiti.

Fakture hiyo ni ya dola. Kisanduku cha malipo hakiulizi umeshika noti gani, kinafuata pesa ya fakture. Kwa hiyo programu ilielewa kwamba tumepokea dola laki moja.

Saa nane, nikiwa bado natafuna bukari, mama akaingia na simu mkononi na miwani kwenye pua.

"Mama fundi, hapa wameandika Solde dû: −99 910,00. Hiyo alama ya kutoa ni nini? Ni weye uko na deni yangu?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikafungua ripoti ya mwezi, na kicheko kikakatika: malipo yaliyopokelewa Oktoba, zaidi ya dola laki moja, kwenye chumba chenye mashine mbili za kukanyaga. Salio lenye alama ya kutoa ndiyo dalili ya kwanza. Usipoiona hapo, ripoti yote ya mwezi imeharibika, na utagundua siku unayotaka kujua kama umekula faida au mtaji.

Mwanafunzi wangu, macho chini, akasema, "Yaya, nifute fakture tuanze upya?" Hapana. Ukifuta 0147, namba inaruka, na mama ana PDF ya 0147 kwenye simu yake ambayo wewe huna tena. Unachofuta ni yale malipo tu, fakture inabaki. Halafu unaingiza tena kwa dola, na kwenye sehemu ya maelezo unaandika franka ngapi na kwa kiwango gani.

Kiwango! Hapo ndipo saa zilipoanza kuyeyuka. Chini ya fakture zangu zote kuna mstari mmoja: salio linalipwa kwa dola, au kwa franka kwa kiwango cha siku ya kulipa. Nilidhani nimejifunga vizuri. Mama akauliza, kiwango cha nani? Wabadilishaji wa njiani leo walikuwa wananunua dola kwa 2,250 na kuuza kwa 2,350. Yeye anataka 2,250, franka zake zigeuke dola 44.44. Mimi nikitaka dola kwa franka zile nitazinunua kwa 2,350, yaani napata 42.55. Tofauti haifiki dola mbili, lakini tuliizungukia karibu saa nzima, yeye akinikumbusha harusi zote alizoniletea, mimi nikimkumbusha kwamba alituma laki moja kamili bila pesa ya kutolea. Mwisho tukakata katikati, 2,300. Nikaandika 43.48, na kwenye maelezo: 100,000 CDF, kiwango 2,300. Salio 46.52. Gharama ya kutoa pesa nikaitia kwenye matumizi yangu. Kesho mstari ule nitauongeza maneno: kiwango cha kuuzia dola.

Nikamtumia risiti mpya, na kwa herufi kubwa nikaandika kwamba inabatilisha ya asubuhi. Lazima, kwa sababu PDF ikishatoka haijirekebishi. Ile ya dola laki moja itaendelea kukaa kwenye simu yake, na nina hakika jioni hii inazunguka kwenye kundi la ukoo.

Sijui ilikuwa saa kumi au kumi na moja alipofungua pochi. Noti mbili za ishirini, moja ya tano, na franka 3,500 za kumalizia ile 1.52. Nikaziinua kwenye mwanga. Noti moja ya ishirini ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto. Mji huu unajua: noti ya dola iliyochanika hakuna anayeipokea, hata muuza nyanya. Nikamrudishia.

"Mama fundi, ni kidogo tu!"

"Mama, nikiipokea itazeekea hapa na mimi."

Magauni matano akachukua. La sita, lake mwenyewe, likabaki kwenye msumari mpaka ishirini nzima ifike. Hakuaga vizuri.

Umeme ukakatika. Nilishona zipu ya mteja mwingine kwa taa ya simu, kisha nikafunga hesabu ya 0147. Kutoka 180 toa vifaa 30, toa 18 za mwanafunzi, dola tatu kwa kila gauni, toa 6 za uzi na makala: 126. Programu inaonyesha hizo 126 kuwa faida tangu siku niliyotoa fakture, kana kwamba mama ameshalipa yote. Mkononi zipo 106. Ndiyo sababu siku hizi nimemfundisha mwanafunzi kuangalia orodha ya wanaodaiwa kabla ya kuangalia faida.

Betri asilimia nne. 0147, Solde dû: 20,00. Gauni nimelifunika kwa plastiki, vumbi lisiliguse.