Barua tuliyowaandikia watu wa wodini

Binamu yangu amenitumia ujumbe juzi usiku: "Dada, ile barua mliyowaandikia wauguzi wa mama, bado unayo? Nataka kuandika ya kwangu, nakosa pa kuanzia." Ninayo. Nimeifungua kumtumia, nikajikuta naisoma yote, na siku nzima ya jana imekwenda nikiwaza ile jioni tulipoiandika.

Mama alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, ameanza kudai kwamba jikoni aachiwe mwenyewe. Kaka ndiye aliyeleta wazo la barua. Alikuja na rasimu yake tayari, akatusomea kwa sauti: tunawashukuru madaktari na wauguzi wote kwa huduma nzuri, kwa upendo na kwa moyo wa kujitolea. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wote ni nani?"

Kaka akasema ni wote, mama, wote waliokuhudumia.

"Sasa yule binti wa usiku akisoma hapo, atajuaje kwamba ni yeye?"

Swali hilo ndilo lililoiandika barua. Kaka aliweka karatasi yake pembeni, mimi nikachukua kalamu, na mama akaanza kusema.

Nilidhani ningejua atakayoyataja, maana nami nilikuwa pale karibu kila siku. Kumbe mimi nilikuwa nimeona ya mchana, na wodi ya mchana si wodi ya usiku. Mama alikunja vidole akagonga meza mara mbili, taratibu, akanyamaza kidogo. "Hivi," akasema. "Alikuwa anagonga chuma cha kitanda hivi, halafu anasubiri. Halafu anasema: Mama, ni mimi, nataka kukushika bega. Ndipo ananishika." Akagonga tena, akatutazama kuona kama tumeelewa.

Hatukuwa tumeelewa, ikabidi atueleze. Mgonjwa aliyelala hoi, macho yamefumba, hajui mkono unaotua juu yake ni wa nani wala umekuja kufanya nini. Anashtuka, mwili unakakamaa, na usingizi aliokuwa ameupata kwa taabu unaisha hapo. Usiku mmoja mtu anaweza kuja kitandani mara kadhaa, na kila mara ni kushtuka upya. Yule muuguzi wa usiku alikuwa akigonga, akisubiri, akijitaja, akisema anachotaka kufanya. Hakuwasha taa kubwa ya juu, alikuja na tochi ndogo akiielekeza chini. Mama alisema usiku wa zamu yake alilala tangu jioni bila hofu, kwa sababu alijua hataguswa kabla ya kuambiwa.

Nilimwomba arudie, nikaandika. Sehemu hiyo ya barua inasema hivi:

"Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye jina lake hatukulipata, hakumgusa mama yetu hata mara moja kabla ya kugonga kitanda, kujitaja na kusema anachotaka kufanya. Alitumia taa ndogo ili asiwaamshe wengine. Kwa sababu hiyo mama aliweza kulala, na aliacha kuogopa usiku."

Naona mpaka leo kwamba ndiyo aya bora kuliko zote tulizoandika, na ubora wake hautokani na lugha. Imesema mtu alifanya nini, alifanya lini, na tendo hilo lilimbadilishia mgonjwa nini. Kiongozi wa wodi akiisoma anaweza kuwaambia wengine kesho yake: fanyeni hivi. Neno "upendo" angelifanyia nini?

La pili mama alilotaja lilinishangaza zaidi. Alimtaja mama wa usafi. Kila asubuhi anapopiga deki husogeza meza ndogo ya kando ya kitanda na kuvisukuma viatu. Wengi humaliza sakafu na kwenda zao, meza ikabaki mbali, na mgonjwa akakaa anaitazama bilauri ya maji asiyoweza kuifikia. Huyu alikuwa anairudisha meza, anauliza "Mkono unafika?", anasubiri mama ajaribu, kisha anaviweka viatu pale miguu inapotua mtu akishuka. Ni kazi ya nusu dakika. Kwa mama ilikuwa ni tofauti ya kunywa maji mwenyewe na kumwita mtu kila anapoona kiu.

La tatu lilikuwa la makabidhiano ya zamu. Wauguzi wanaotoka na wanaoingia husimama kando ya kitanda wakielezana habari za mgonjwa, na mara nyingi yeye mwenyewe hulala pale akisikiliza kama habari za mtu mwingine. Msimamizi wa zamu ya asubuhi alikuwa akimaliza anamgeukia mama na kumwuliza: "Kuna nililosahau kumwambia mwenzangu?" Siku moja mama alisema lipo, na lilikuwa lipo kweli. Hilo nalo tukaliandika, bila kusema lilikuwa jambo gani.

Hapo ndipo kaka na mama walipovutana. Kaka alitaka jina la ugonjwa liwemo, na upasuaji uwemo, ili ionekane uzito wa kazi waliyoifanya. Mama alikataa kabisa. Alisema, "Hiyo ni habari ya mwili wangu, na barua hii sijui itasomwa na nani." Alikuwa na haki. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, na nilipompigia simu usiku ule alinieleza kwamba barua za shukrani husomwa mbele ya wafanyakazi na mara nyingi hubandikwa kwenye ubao wa wodi, ambako wageni nao hupita wakisoma. Ukiandika ugonjwa, dawa au vipimo, umembandika mgonjwa ukutani. Tena hayo yote tayari yamo kwenye faili lake, kwa hiyo barua haiongezi kitu. Kinachokosekana kwenye faili ni kule kugonga kitanda.

Basi tukaandika tu kwamba mama alilazwa katika wodi hiyo, tarehe ya kuingia na ya kutoka, namba ya kitanda. Hizo zinatosha. Kwa tarehe na zamu, msimamizi anafungua orodha ya zamu na kumpata mtu hata kama jina hulijui. Lakini rafiki yangu alinionya tusikawie, kwa maana wafanyakazi huhamishwa wodi na kumbukumbu za watu hufifia. Akatuambia pia tusiwataje wagonjwa wa vitanda vya jirani, hata kwa wema. Mama alikuwa na aya nzima kuhusu jinsi muuguzi alivyomtuliza bibi wa kitanda cha pili. Tuliiacha. Ile ilikuwa shukrani ya bibi yule kuitoa, kama anataka.

Mengine yalikwenda haraka. Tuliielekeza kwa muuguzi msimamizi wa wodi, na chini tukaandika nakala kwa muuguzi mkuu wa hospitali, tukiomba iwekwe kwenye mafaili ya waliotajwa, maana ikifika huko hutazamwa wakati wa tathmini ya kazi. Ukurasa mmoja tu. Kulikuwa na siku moja chakula kilichelewa sana na kaka alitamani kuligusia, lakini tulikubaliana kwamba lalamiko lina barua yake na njia yake, na likiingia katika hii ndilo litakalosomwa peke yake. Mama akasaini wa kwanza, sisi chini yake.

Msimamizi wa wodi alitupigia simu. Alisema ameisoma wakati wa makabidhiano ya asubuhi, na muuguzi wa usiku wamemtambua kabla hajamaliza aya, kwa sababu wenzake wote wanajua anavyogonga vitanda. Mama wa usafi naye walimjua. Ila akatueleza kitu ambacho hatukukijua: yule hakuajiriwa na hospitali, bali na kampuni iliyopewa kazi ya usafi, kwa hiyo hapo hospitalini hana faili. Tukitaka barua imfae, nakala iende kwa msimamizi wake kule. Tukaandika nyingine siku hiyo hiyo, yenye aya yake peke yake. Nasikitika kufikiria ni wangapi wa namna yake wanaotajwa katika barua nzuri ambazo haziwafikii waajiri wao.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hayumo katika barua hata kwa neno.

Usiku ule mbaya kuliko yote, saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimekwisha zamani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na mfuko wa nguo mkononi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kunirudisha, na kanuni zilikuwa upande wake. Alinitazama, akanipa kiti. Sitasema zaidi ya hapo, wala ilikuwa wapi. Mama alipofumbua macho alfajiri nilikuwa pale, na anasema kwamba katika yote aliyofanyiwa, hakuna lililomrudishia nguvu kama hilo.

Nilikuwa nimekwisha kuliandika, tena vizuri. Rafiki yangu muuguzi ndiye aliyeniuliza: kanuni ya wodi inasemaje kuhusu saa hizo? Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema barua inayokwenda kwa mkuu wake, yenye tarehe na zamu, itamfikia kama ushahidi. Anaweza kuitwa kujieleza kwa sababu ya shukrani yetu. Nikaifuta aya ile.

Kaka anaona tulifanya sawa, na kwamba mtu aliyevunja kanuni kwa huruma hutaraji kunyamaziwa. Mama hakubaliani naye. Anasema tulipaswa kutafuta namna ya kumfikishia, kwa sababu pengine ndiye pekee katika wodi nzima aliyesikiliza barua ikisomwa, akangoja zamu yake ya kutajwa, na haikufika. Nimejaribu sentensi kadhaa tangu hapo. "Alitujali hata sisi ndugu wa mgonjwa." "Alielewa wakati wetu mgumu." Kila ninayoisomea mama inamhifadhi mtu yule salama, na kila moja mama anairudisha kwa swali lile lile: akisoma hapo, atajuaje kwamba ni yeye?