Nilivyomweleza mwenye kampuni ndogo vifungu vya saini na ankara za kielektroniki

Kazi yangu ni kusoma mikataba pamoja na watu wanaotakiwa kuisaini. Safari hii nilikaa na mama mwenye kampuni ndogo ya kubuni vifungashio, ambaye mteja wake mpya yuko katika nchi ya Umoja wa Ulaya. Bei na muda wa kazi vilikuwa wazi kwake. Kilichomsumbua ni vifungu viwili karibu na mwisho, kimoja cha saini na kingine cha ankara, na mimi naona ndivyo vilivyostahili muda wetu mwingi.

Cha kwanza kilisema hivi: saini ya kielektroniki haitanyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko katika umbo la kielektroniki.

“Kwa hiyo mwanangu, nikishabonyeza pale hakuna atakayeweza kuikana?”

“Hapana, Mama. Kifungu hiki kinazuia hoja moja peke yake. Mtu hawezi kusimama mahakamani akasema saini haifai kwa kuwa haikuandikwa kwa kalamu. Hoja nyingine zote zimebaki palepale.”

Nikamtajia hoja hizo. Mtu anaweza kusema si yeye aliyesaini. Kampuni inaweza kusema aliyesaini hakuwa na mamlaka ya kuifunga. Au mmoja akadai kwamba hati ilibadilishwa baada ya kusainiwa. Maneno ya kifungu yamewekwa kwa njia ya kukanusha makusudi. Yanatoka katika Sheria ya Mfano ya Biashara ya Kielektroniki iliyotolewa mwaka 1996 na UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, na nchi nyingi zimeyachukua. Walioyaandika hawakutaka kuahidi kwamba kila mbonyezo ni saini halali. Kwa saini yenyewe sheria hiyo inataka njia inayomtambulisha aliyesaini na kuonyesha kuwa ameyakubali yaliyoandikwa, na njia hiyo iwe ya kuaminika kulingana na uzito wa jambo lenyewe.

Upande wa mteja ulikuwa na ngazi zake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 910/2014, inayojulikana kama eIDAS, inatambua saini ya kawaida, saini ya kiwango cha juu, na saini yenye ithibati. Hiyo ya tatu ndiyo pekee ambayo kanuni inaipa moja kwa moja nguvu sawa na saini ya mkono. Mama alitaka kujua kama anaweza kuipata kutoka kwa mtoa huduma yeyote wa nchini kwake. Nilimwambia kwamba mtoa huduma aliye nje ya Umoja wa Ulaya hahesabiwi kuwa na ithibati hiyo mpaka huduma zake ziwe zimetambuliwa rasmi na Umoja wenyewe. Hilo halifanyi saini yake kuwa bure. Inapokelewa kama ushahidi, ila ikibishaniwa, yeye ndiye atakayelazimika kuonyesha ilivyotiwa.

Kwa mkataba wa kubuni vifungashio hilo lilitosha, mradi ushahidi uwepo. Kwa hiyo tuliongeza sentensi mbili. Ya kwanza ilitaja jina, cheo na anwani ya barua pepe ya kila atakayesaini, na kila upande ukathibitisha kwamba mtu wake ana mamlaka. Ya pili ilisema kila upande utapewa faili iliyosainiwa pamoja na kumbukumbu ya utiaji saini, yaani orodha inayoonyesha nani alifungua hati, kwa anwani gani na saa ngapi.

Nilimwonyesha pia namna ya kukagua. Faili ya PDF iliyosainiwa kidijitali, ukiifungua kwa programu inayosoma saini, huonyesha sehemu maalumu inayotaja aliyesaini na kama hati imebadilishwa tangu hapo. Picha ya saini iliyobandikwa juu ya ukurasa haionyeshi chochote. Tulifungua moja ya aina hiyo kutoka kwenye mafaili yake ya zamani, akaona mwenyewe kwamba sehemu ile ni tupu.

Kifungu cha ankara kilikuwa kigumu zaidi, nami nadhani ndicho kinachoumiza wauzaji wadogo wengi, kwa sababu hakionekani kuwa na hatari. Kilisema mnunuzi anakubali ankara za kielektroniki ilimradi chanzo chake kinathibitika, maudhui yake hayajabadilishwa na inasomeka, na kwamba malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu kupokelewa kwa “ankara halali”. Masharti yale matatu si uzushi wa mnunuzi. Yamo katika maelekezo ya kodi ya ongezeko la thamani ya Umoja wa Ulaya, 2006/112/EC. Tatizo ni kwamba mkataba haukusema nani anaamua kuwa ankara ni halali, wala lini.

Nilichukua kalenda. “Tuseme, Mama, unatuma ankara tarehe 3 Machi kwa barua pepe ya yule kijana wa uhasibu unayezungumza naye. Unahesabu siku 30, unangoja fedha tarehe 2 Aprili. Lakini mfumo wao unataka namba ya oda, na ankara yako haina. Inakaa pale bila mtu kukuambia. Unauliza, unaambiwa, unaituma upya tarehe 24 Machi. Kwa maneno ya mkataba huu, siku 30 zinaanza hapo, na malipo yanaangukia tarehe 23 Aprili.”

“Wiki tatu zimeliwa, na kazi nimeshamaliza.”

“Na mkataba haujavunjwa.”

Tukaandika upya. Ankara itatumwa kwa anwani moja iliyotajwa ndani ya mkataba, ikiwa na namba ya oda, na itahesabiwa imepokelewa pale inapoweza kufunguliwa katika anwani hiyo. Mnunuzi akiona kasoro ataieleza kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi, na akinyamaza, ankara itahesabiwa imekubaliwa tangu siku ilipopokelewa. Mteja alirudisha rasimu akitaka siku 7, mama akakubali. Mimi pia niliona ni sawa, kwa kuwa cha muhimu kilikuwa kuwepo kwa kikomo.

Jambo moja nilimtenganishia kwa makini. Wawili hao wanaweza kukubaliana ni lini ankara inatosha kudai malipo. Hawawezi kukubaliana ni lini inatosha kwa kodi, kwa sababu hilo ni la sheria ya kila nchi. Mamlaka yake ya kodi ikitaka ankara itoke katika mfumo wake yenyewe, PDF nzuri aliyoitengeneza ofisini haiwezi kushika nafasi hiyo hata mteja akiipenda. Nilimshauri atoe kwanza ya mamlaka, kisha namba yake, tarehe na kiasi viingie bila kubadilishwa katika ile anayotuma kwa mteja, ili muamala mmoja usije ukawa na ankara mbili zisizofanana.

Mwisho akaniuliza kama achapishe kila kitu na kukiweka kwenye jalada. Nilimwambia karatasi itamfaa kwa kusoma, lakini saini ya kidijitali imo ndani ya faili na haitoki na wino wa printa. Atunze faili kama ilivyomfikia, pamoja na kumbukumbu ya utiaji saini na barua pepe iliyopeleka kila ankara, nakala moja nje ya kompyuta ya ofisi, kwa muda wote ambao sheria yake ya kodi inamtaka atunze hesabu.