Na mimi nilikuwa nimefiwa

Kaka yangu alifariki mwezi wa Septemba, mimi nikiwa kidato cha nne. Siku zote za matanga pale nyumbani Hombolo, kila aliyeingia alikwenda kwanza kwa mama kwenye mkeka, halafu kwa baba nje chini ya turubai. Wakifika kwangu maneno yalikuwa yaleyale: "Jikaze, wazazi sasa wanakutegemea wewe." Basi nikajikaza. Nilichota maji, nikahesabu sahani za kuazima, sikulia mbele ya mtu.

Wageni walipoondoka nyumba ilinyamaza. Mama alilala na shati la kaka chini ya mto. Baba alirudi usiku, akanipita kibarazani bila kuniona. Januari matokeo yalipotoka nilikimbia kumwambia mama kwamba nimefaulu. Akasema, "Haya," akaendelea kulikunja lile shati. Usiku ule niliwaza kwamba labda ningekufa mimi wangenikumbuka. Wazo hilo lilinitisha, na asubuhi nikapanda gari kwenda Chamwino kwa shangazi, dada yake baba, nikamweleza lote bila kuficha hata hilo.

Hakuniambia nivumilie. Alinikalisha kwake siku nne, tukalala chumba kimoja, na kila usiku aliniuliza habari za kaka: alipenda nini, tuligombania nini. Nililia hadi nikapata usingizi. Siku ya kuondoka akaniambia, "Baba yako hatakuuliza, utamwambia wewe. Usiwaambie wote wawili pamoja, watalia na utaishia kuwabembeleza. Mwambie yeye peke yake, mkiwa na kazi mkononi. Tena umwombe kitu kimoja anachoweza kukupa."

Kaka ndiye aliyekuwa anapogoa mizabibu yetu. Msimu ule hakuna aliyeigusa, matawi yalikuwa yamesukana na nyasi zimefika magotini. Nilimwomba baba twende tukapalilie. Tulilima mistari miwili kimya. Nilikuwa nimeinama, ndiyo maana niliweza kusema: "Baba, na mimi nimefiwa. Naomba Jumapili tuwe tunakuja hapa wawili, tumwongelee." Jembe lake likasimama. Hakunikumbatia, si desturi yake. Alisema tu, "Nilidhani wewe umeshapoa, maana sijakuona ukilia." Kumbe kule kujikaza kwangu ndiko kulikompoteza.

Tulikwenda Jumapili nyingi, nyingine alikataa akabaki kitandani, na nilijifunza kumpigia shangazi siku hizo badala ya kununa.

Kwa mama ilichelewa zaidi, na sikumlazimisha. Siku moja mwezi wa Juni, tunachambua mlenda, akaniuliza bila kuinua macho, "Hivi ulipata divisheni ngapi?" Nikamwambia ya pili. Akaniuliza tena somo moja moja, nami nikamtajia yote.