Dakika tatu za kumkabidhi kijana wangu saa ya babu yake

Mshereheshaji wa harusi ya kijana wangu alinipa dakika tatu. Mimi nilikuwa na kurasa nne za hotuba, nimeanzia ukoo wetu ulipohamia Korogwe. Siku chache kabla ya harusi nilimsomea mama watoto, nilipofika ukurasa wa pili akauliza, "Kwani saa inatajwa saa ngapi?" Nikazichana.

Saa yenyewe ni Seiko 5, aliyoinunua marehemu baba akiwa karani wa stesheni, kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977. Haina betri, inajijaza mkono unavyotembea, na ukiiweka chini hudumu kama siku moja na nusu kisha inasimama. Hapo ndipo niliona hatari: niitoe kwenye kisanduku mbele ya watu, imekufa. Nikaamua kuivaa mwenyewe tangu Alhamisi.

Kasoro moja tu. Fundi alikwisha toa kipingili kimoja cha mkanda ili imkae kijana, ambaye saa yake ya kila siku niliiazima kwa uongo nikapimie. Mkono wangu ni mnene. Ilinibana siku mbili, nikawa naifungua mezani nikila. Kipingili nilikitia kwenye bahasha, maana wanaume wa kwetu hunenepa wakishaoa.

Fundi alitaka pia kubadilisha kioo chenye mkwaruzo. Nilimkatalia, kwa sababu hotuba yote ilikuwa humo.

Jumamosi ukumbini niliwaita maharusi wasimame, nikasema:

"Mwanangu, mkwaruzo huu niliuweka mimi. Nilikuwa na miaka saba, babu yako ananishikia baiskeli kwa nyuma, nikamwangukia, mkono wake ukasaga kokoto. Aliangalia goti langu kwanza. Saa aliiangalia tulipofika nyumbani. Siku nilipooa alinivua ya kwangu akanivisha hii, hakusema neno. Mimi nimesema kwa sababu nimepewa kipaza sauti. Mkwe wangu, kuanzia leo akichelewa kurudi, asikwambie hakujua ni saa ngapi."

Watu wakacheka, nami nikashukuru, kwani koo lilikuwa limeanza kukaza. Kisha nikakwama: kipaza sauti mkono mmoja, saa ninayotakiwa kuivua iko mkono wa pili. Hilo sikulifanyia mazoezi. Mama watoto akainuka, akanipokonya kipaza sauti. Nikavua, nikamvisha, kifungo kikalia 'ta'. Kijana akaigusa akaninong'oneza, "Baba, ina joto."

Jumanne asubuhi akapiga simu, sauti ya mtu aliyevunja chungu cha watu.

"Baba, imesimama."

"Uliivua lini?"

"Jumapili usiku, tulipokwenda kuogelea."

Nikamwambia aitikise taratibu nusu dakika, arekebishe majira, tarehe aibadilishe mchana, si usiku ambapo meno ya ndani yanayogeuza tarehe yanakuwa yameshikana, kisha aivae. Nilisikia mkwe wangu anacheka kwa nyuma.