Mteja hasomi Kiitaliano: nilivyompa njia ya kuikagua tafsiri yake mwenyewe

Mteja wangu ana boti za kuwapeleka wageni kuzamia na kutazama samaki kule Watamu. Wengi wao ni Waitaliano. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili fomu ya afya na masharti ya safari, akamlipa mtu amtafsirie, na kabla ya kuchapisha akaniletea mimi kwa kuwa Kiitaliano ndiyo kazi yangu. Nikamwambia nitaipitia nimweleze iko vipi. Hakutaka.

"Mwanangu, yule wa kwanza nilimwamini. Nikikuamini na wewe, bado mimi mwenyewe sijaona kitu."

Mzee alikuwa na haki. Mgeni akiumia baharini, jina litakaloulizwa ni lake. Kwa hiyo nikampendekezea tafsiri rejeshi: mtu wa tatu, ambaye hajaiona karatasi ya Kiswahili, anaichukua ile ya Kiitaliano na kuirudisha kwa Kiswahili, kisha mteja analinganisha alichoandika na kilichorudi. Njia hii ni ya siku nyingi katika madodoso ya utafiti. Richard Brislin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliifafanua kwa kina katika makala yake ya 1970.

Kazi yote inategemea huyo mtu wa tatu. Mzee alitaka tumpe kijana mmoja wa ufukweni anayekizungumza Kiitaliano kama maji. Nikamkatalia, kwa sababu kijana yule anaijua biashara ile nje ndani. Akikuta sentensi mbovu atajua ilikusudiwa kusema nini, na ataiandika ilivyokusudiwa. Mrejeshaji anayejua mno huficha makosa kwa nia njema kabisa. Nikampata dada mmoja wa Mombasa anayeishi Bologna, asiyejua lolote kuhusu uzamiaji, nikamwagiza: andika kilichopo, hata kama hakina maana, na penye maana mbili niandikie zote mbili.

Hata hapo tulimpima. Mimi na mzee tulikubaliana kuharibu sentensi moja katika nakala ya dada. Iliyosema kwamba asiyejua kuogelea asishuke majini tuliiondolea neno la kukanusha *non* la kwanza. Ilirudi hivi: "Anayejua kuogelea asishuke majini." Mzee aliposoma hapo akatulia, sasa alijua kwamba kikombo kikiwamo humo, dada hatakinyoosha. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu mteja anakielewa bila kujua neno hata moja la Kiitaliano.

Tukaketi na karatasi ya safu tatu: Kiswahili chake, Kiitaliano, na Kiswahili kilichorudi. Mzee alisoma safu ya kwanza na ya tatu, akipiga mstari kila palipotofautiana. Kazi yangu ilikuwa kumwambia tofauti ile imetoka wapi.

Iliyomshtua zaidi ilihusu ndege. Yeye aliandika: "Usipande ndege mpaka zipite saa 18 tangu ulipozamia mara ya mwisho." Kilichorudi: "Unaweza kupanda ndege ndani ya saa 18 baada ya kuzamia mara ya mwisho." Nikaangalia safu ya kati, na kweli iliandikwa *È possibile volare entro 18 ore dall'ultima immersione*. Saa 18 ndicho kiwango cha chini ambacho DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, hushauri kwa aliyezamia zaidi ya mara moja, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu shinikizo la hewa linapopungua ndani ya ndege. Tafsiri ilikuwa inamruhusu mgeni jambo lile lile ambalo mzee alilikataza. Ikawa *Attendere almeno 18 ore dall'ultima immersione prima di volare*, yaani subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Nyingine ilikuwa ya upole zaidi. Mzee aliandika kwamba si lazima mgeni alete vifaa vyake. Dada alirudisha maana mbili: "si lazima alete" na "asilete". Safu ya kati ilikuwa na *non deve portare*, na kwa Kiitaliano maneno hayo hubeba zote mbili. Mgeni mwenye miwani yake ya kuzamia angeiacha nyumbani. Tukaweka *non è necessario portare*.

Halafu kuna saa. "Boti inaondoka saa mbili asubuhi" ilirudi "saa nane usiku", na mzee akadhani dada ndiye aliyekosea. Sivyo. Kiitaliano kilisema *alle 2 di mattina*. Mtafsiri alikuwa amehamisha namba bila kugeuza saa. Hapa nilipata hofu ya kweli, kwa sababu kama dada naye angeihamisha vilevile, saa mbili ingerudi saa mbili na sote tungeipitisha. Makosa mawili yanayofanana hufutana. Tangu hapo namwambia mteja aandike 08:00 kabla karatasi haijaenda popote, na namba zote nazikagua mwenyewe kando. Bei ya 1,500 kwetu ni elfu moja na mia tano, lakini Mwitaliano husoma hapo moja na nusu. Yake huandikwa 1.500. Mrejeshaji anayenakili tarakimu hatakuonyesha hilo kamwe.

Tofauti nyingine hazikuwa makosa. "Wajukuu wa mgeni" walirudi "wapwa au wajukuu", maana Kiitaliano kina *nipoti* kwa wote. Kwa kuwa sharti lilihusu barua ya wazazi, na mpwa naye anaihitaji, tuliliacha. Nilimwandikia mzee sababu pembeni, asije akaliona tena baadaye akashuku.

Lakini sikumruhusu achapishe, ingawa safu zilikuwa zimelingana. Katika fomu ya afya kulikuwa na swali "Je, una presha?" Lilirudi "Una presha?", neno kwa neno, na mzee akaliwekea tiki. Safu ya kati ilisema *Ha la pressione?* Mtafsiri alikuwa amefuata Kiswahili hatua kwa hatua, na dada, kwa kuwa ni Mswahili, akaielewa papo hapo. Mwitaliano atashangaa anaulizwa nini, kwa kuwa kwao *pressione* ni shinikizo la damu tu, na kila aliye hai analo. Swali lake ni *Soffre di pressione alta?*, yaani je, unaugua shinikizo la juu la damu? Hili ndilo tundu kubwa la njia hii: tafsiri ya neno kwa neno hurudi safi kuliko iliyotafsiriwa vizuri. Vilevile fomu ilichanganya *tu* na *Lei*, mstari mmoja ukimwita mgeni kama rafiki na wa pili kwa heshima. Kwetu vyote viwili vilirudi "wewe", na hakuna kilichoonekana.

Kwa hiyo nilimwomba mama mmoja wa Kiitaliano anayeishi Malindi asome safu ya kati pekee, bila kuona Kiswahili, na azungushie duara kila mahali ambapo angesita kabla ya kujibu au kutia sahihi. Alizungushia swali la presha na mchanganyiko wa *tu* na *Lei*, na baada ya marekebisho mzee alirudishiwa sentensi zilizobadilika tu, nazo zikapita kwa dada kwanza.

Karatasi ya safu tatu anayo yeye. Chini yake nimeandika kwa Kiswahili yaliyokaguliwa kwa kurejesha, yaliyokaguliwa na msomaji wa Kiitaliano, na namba nilizozihakiki kwa mkono. Akibadilisha bei au muda wa kuondoka hunitumia sentensi hiyo moja, nami huizungusha upya kwa watu wale wale kabla hajaipeleka kwa mchapaji.