Nyegere Yuleyule Kwenye Chupa, Katoni na Bango

Leo jioni nimekamilisha nyegere wa chapa ya asali ya mteja wangu. Anasimama kwenye lebo ya chupa, anakimbia kwenye katoni na anapanda mzinga kwenye bango.

Kazi kubwa ilikuwa kumfanya abaki yuleyule.

Nilianza na picha moja ya mwili mzima kwenye mandhari nyeupe, nikaitumia kama rejea katika Midjourney, programu ya akili bandia inayotengeneza picha kutokana na maelezo, kwa `--oref`. Aya ya sifa zake, yaani mgongo wa kijivu, tumbo jeusi na skafu ya njano yenye fundo bega la kushoto, sikuibadilisha hata neno; nilibadilisha sentensi ya mkao tu.

Alipogoma kukimbia, akasimama kama kwenye rejea, nilishusha uzito wa rejea, `--ow`, kutoka 100 hadi 60, naye akanyoosha miguu.

Fundo ndilo lililonishughulisha zaidi, kwani kila alipotazama pembeni lilihamia bega la kulia. Picha hizo nilizipindua kama kwenye kioo, jambo lililowezekana kwa sababu hana alama nyingine ya upande mmoja, na jina la asali huwa naliweka mwishoni kwa mkono.

Wenzangu mnaobuni vifungashio, fundo kama hili mnalidhibitije?